Siku Fisi Alipoambiwa Acheue

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama wote walikuwa na nyumba, na zizi, na mdomo wa kusema. Isipokuwa ng'ombe. Ng'ombe aliambiwa aseme, akakataa, akasema kwa macho tu kwamba mdomo wake una kazi nyingine. Msiniulize nani kanipa habari hizi. Mimi shule sikuingia hata kujikinga mvua, lakini ng'ombe nawajua kuliko wanavyojijua.

Basi alikuwepo pimbi mmoja mzee, Mzee Malogo. Mdogo! Ukimtia kwenye kibuyu, nafasi ya maziwa inabaki. Lakini ng'ombe wake sasa, Mabaka! Juu ya pembe zake ndege walitua kupumzika katikati ya safari. Ukimkamua asubuhi, mchana watoto wanaogelea. Ndiye huyo mmoja tu. Akiondoka yeye, nyumba nzima ya pimbi inalala na njaa.

Mzee Malogo macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ng'ombe hajatoka zizini, alimshika mkono mjukuu wake, Ndahani.

"Usimguse kwanza," anasema. "Simama mbali, mtazame. Ameamkaje?"

"Ameamka, Babu, akajinyoosha mgongo, krrr!"

"Vizuri. Mgonjwa hajinyooshi, anajikunja. Manyoya?"

"Yamelala, yanang'aa."

"Yangesimama kama ya paka aliyeona nyoka, ungeniita mbio. Pua?"

"Mbichi, ina matone matone."

"Pua ikikauka, shika sikio pale shinani. Likiunguza, ana homa. Haya, papasa chini ya sikio, halafu mbele ya bega. Kuna uvimbe?"

"Hakuna."

"Uvimbe pale pamoja na homa ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Sasa tumbo."

Ndahani akapanda juu ya jiwe, akabonyeza ngumi ubavuni. Kimya. Akapiga kelele, "Babu! Tumbo limekufa!"

"Umebonyeza upande gani?"

"Wa kulia."

"Limekufa huko kwako kichwani! Kushoto, bwana! Kwenye kile kishimo nyuma ya mbavu. Tuliza ngumi, ngoja."

Ndahani akahamia kushoto. Akangoja. Mara, nguruu! Tumbo likajiviringisha ndani, likamsukuma ngumi polepole.

"Linanisalimia, Babu!"

"Hiyo ndiyo salamu ya mzima. Na akishalala, lazima acheue. Majani yapande kooni, ayatafune tena, ayameze. Asiyecheua ana jambo. Lakini sikiliza, mjukuu wangu: dalili moja isikukimbize. Zitazame zote kwa pamoja."

Sasa huko kwao kulikuwa na amri ya Mtemi Tembo: ng'ombe mwenye ugonjwa wa kuambukiza apelekwe bonde la ng'ambo, chini ya mganga wa mifugo. Na mganga ni nani? Bwana Fisi! Ng'ombe wakienda bondeni, hawarudi. Fisi naye ananenepa mpaka kivuli chake kinahema.

Asubuhi moja Ndahani akaingia zizini, akatoka kama mshale.

"Babu! Mabaka anatoa mate, chururu! Na anachechemea!"

Mzee Malogo akainuka mara moja. "Huo unaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Fungua mdomo. Ulimi una malengelenge? Fizi zimechubuka?"

"Hapana. Lakini… ptuu! Mdomo wake umepakwa kitu kichungu. Mshubiri!"

"Masikio?"

"Ya kawaida."

"Anachechemea miguu mingapi?"

"Mmoja."

"Tazama katikati ya kwato. Pana vidonda?"

"Pana kokoto, Babu. Imesukumizwa kwa nguvu."

"Na tumbo? Kushoto, wewe!"

"Nguruu! Na sasa hivi anacheua, na uchungu wake hivyo hivyo!"

Mzee akacheka mpaka meno yakagongana. Kicheko hakijaisha, hodi! Bwana Fisi huyo mlangoni, mkoba wa dawa begani, na nyuma yake Mtemi Tembo, ardhi inatikisika, du! du! du!

"Shikamoo, Mtemi," wakasema pimbi.

"Marahaba. Mganga ananiambia ng'ombe wenu anaumwa."

"Kajuaje, na hajamwona?" akauliza Ndahani.

"Wee mtoto!" akafoka Fisi. "Mganga ananusa! Tazama, Mtemi: mate, kuchechemea. Bondeni!"

"Mtemi wangu, ni kokoto na mshubiri," akasema Mzee Malogo.

"Kokoto imefuata ugonjwa!" akasema Fisi. "Anayetoa mate na kuchechemea ni mgonjwa, basi. Mzee, unabishana na mganga, na macho yenyewe huna?"

Mtemi akajikuna sikio. "Mimi mambo ya ng'ombe siyajui. Amri ni amri. Mfungueni."

Fisi akashika kamba. Mabaka akageuza shingo kumtazama mzee. Wanangu, hapo hata jiwe lingelia.

Ndipo Ndahani akapiga magoti. "Bwana Mganga, umeshinda. Ila tufundishe sisi wajinga, tusije tukaficha mgonjwa mwingine. Dalili ni zipi? Mtemi naye asikie."

Fisi kusifiwa anapenda kuliko mfupa. Akapanda juu ya jiwe.

"Ya kwanza, mate yanadondoka!"

Na yeye anavyomtazama Mabaka, mate yake mwenyewe, chururu, mpaka kwenye jiwe.

"Eheee," akasema Ndahani. "Ya pili?"

"Mwendo wa kuchechemea! Nyuma kumelegea, kumeshuka!"

Mtemi akatazama mgongo wa Fisi, ulivyoteremka kama paa la banda.

"Na manyoya, Bwana Mganga?"

"Yamesimama ovyo ovyo, hayang'ai!"

Majirani waliokuwa wamejaa uani wakaanza kurudi nyuma. Kobe, ndiyo, hata kobe, alikimbia!

"Mtemi," akanong'ona Ndahani, kunong'ona kwa kusikika vilima viwili, "Mganga wetu masikini, ugonjwa umempata kazini!"

"Nani? Mimi? Mimi mzima!"

"Basi tumpime," akasema Mzee Malogo, akapapasa ubavu wa kushoto wa Fisi, akatuliza ngumi. Akangoja. Akatikisa kichwa kama yuko msibani. "Kimya, Mtemi. Hakuna kinachojiviringisha."

"Acheue basi, tumwone," akasema Mtemi.

"Mimi… ni…cheue?"

"Cheua!"

Fisi akajaribu. Akatoa macho, akavuta shingo, ghuu! ghuu! Kilichopanda ni kwikwi tu. Akatafuna hewa. Mabaka akaacha kutafuna kwa mshangao.

"Hacheui!" wakapiga kelele majirani.

"Bondeni!" akasema Mtemi. "Alishwe majani mabichi asubuhi na jioni, mpaka acheue. Nyama asiione!"

"Majani?" Fisi akapiga yowe. "Jamani, mate si ugonjwa! Kuchechemea si ugonjwa! Manyoya si ugonjwa! Lazima utazame ulimi, na kwato, na homa, na tumbo, vyote pamoja! Kila mganga anajua!"

"Sema tena," akasema Ndahani. "Kwa sauti."

"Mate peke yake si ugonjwa!"

 Mtemi Tembo akashusha mkonga polepole mpaka kwenye pua ya Fisi.

"Na yule mtamba wangu mwekundu, Mganga? Yule uliyemchukua wakati wa kiangazi. Alikuwa na nini?"

Fisi akameza mate.

"Ma… mate, Mtemi."

Lo! Vumbi lililotimka siku hiyo lilifunika jua, watu wakawasha taa mchana. Fisi mbele, tembo nyuma, du! du! du! Na uani Ndahani akachokoa ile kokoto, akaosha mdomo wa Mabaka kwa maji, na Mzee Malogo akaita kibuyu kiletwe, ng'ombe akamuliwe.

Kwa hiyo, wanangu, mtu akikwambia ng'ombe wako anaumwa, mkague ng'ombe mzima, halafu mtazame na msemaji kama ana njaa.