Ukimwita Jumbe Sultani

“Wallahi, billahi, tallahi, haya ni kweli tupu. Aliyenisimulia hakuwahi kusema uongo maishani mwake, ila siku alizokuwa na njaa.”

Ndivyo alivyoapa Mzee Kambaulaya, mstaafu wa posta, akiwa kwenye benchi la kinyozi na nusu ya kidevu chake imeshanyolewa. Aliyemchokoza ni kijana mmoja jirani, Shamte, aliyekuwa anajisifu jinsi alivyopata barua kwa mwenyekiti wa mtaa asubuhi ile. “Nikamwambia, shikamoo Mheshimiwa Rais wetu! Akachekaje! Muhuri ukagongwa papo hapo.”

Wote walicheka ila mzee. Yeye alisema tu: “Ukimwita jumbe sultani, atakayeitika si jumbe.”

“Hiyo nayo ya wapi, babu?” akauliza Siwema, binti wa kinyozi, akiweka kitabu chake cha chuo pembeni.

“Ya Mtemani, huko pwani ya Mrima. Methali hii ilianza hivi.”

Zamani, Seyyid alipokuwa Unguja na bendera yake nyekundu ikijulikana pwani yote, Mtemani ulikuwa mji mdogo wenye heshima zake. Mpiga mbiu wa mji aliitwa Kondo. Kukitokea neno la kutangazwa, Kondo alipuliza pembe mara tatu njia panda, akawataja wenye amri, ndipo akaitaja amri yenyewe. Kupaza sauti kila mtu anaweza, hata mwenye punda. Kuwataja wakubwa kila mmoja kwa cheo chake, hiyo ilitaka mtu aliyefundwa, na Kondo alifundwa na baba yake, aliyemwachia pembe.

Mafunzo yenyewe yalikuwa haya. Sultani ni mmoja, naye ni Seyyid, yuko Unguja. Liwali ni mtu wa Seyyid. Huja na barua yenye muhuri, na ikija barua nyingine hufungasha akaondoka. Liwali wa upande ule alikaa mji mkubwa, mwendo wa siku moja, na askari wake na kadhi. Jumbe haletwi na barua. Jumbe hutolewa na mji wake. Ni lazima awe wa ukoo unaostahili, kisha atoe ada: ng’ombe, mchele na nguo, watu wale washibe, ndipo wazee wamfunge kilemba na kumruhusu mwavuli na viatu vya mti. Siku akifa hupigiwa siwa, baragumu la wakubwa. Chini ya jumbe yuko akida, mkubwa wa vijana na silaha. Jumbe husema, akida hutenda.

“Mzee, hapo umechemsha,” Shamte akadakia. “Shuleni tulisoma akida ni mkubwa wa majumbe.”

“Hayo ya Wadachi, hao Wajerumani wenu wa vitabuni! Wao walipokuja ndio waliomweka akida juu ya majumbe kumi, kumi na tano, na jumbe wakamfanya wa kukusanya kodi kijijini. Mimi nasema kabla yao. Cheo kina mahali pake na kina zama zake. Acha kinyozi amalize kidevu changu.”

Nje ya Mtemani palikuwa na magofu ya mji wa kale, na kati ya magofu kaburi lenye mnara uliopachikwa mabakuli ya kichina. Ndani alilala sultani wa mji ule wa kale, sultani kwelikweli, wa tangu zama za Wareno. Jina lake lilikwisha sahaulika. Watu wakipita pale walinyamaza, hata mbuzi hawakuchungwa karibu.

Basi Jumbe Mwekambi wa Mtemani alikuwa mtu mwema, ila aliingiwa na kijicho. Wapagazi waliotoka bara walimsimulia kwamba huko mtu yeyote anayetoza misafara hongo, yaani ushuru wa kupita, huitwa sultani, hata mwenye vibanda kumi na mbuzi mmoja kilema. Jumbe hakulala. Asubuhi alimwita Kondo.

“Kondo, kuanzia leo kwenye mbiu utanitaja Sultani Mwekambi.”

“Jumbe wangu, wazee walikufunga kilemba cha ujumbe. Cha usultani kakufunga nani?”

“Ulimi wako unalipiwa ushuru?”

“Haulipiwi.”

“Basi unabania nini? Au nimpe pembe mtoto wa ndugu yangu? Naye ana mapafu.”

Kondo akaitazama pembe ya baba yake, akainamisha kichwa. Akajiambia, neno moja tu, litapita na upepo.

Adhuhuri ile alisimama njia panda. Jua lilikuwa utosini na vivuli vya watu vimejificha chini ya nyayo zao. Alipuliza mara tatu, akapaza: “Sultani Mwekambi anasema, kesho watu wote wakafyeke njia ya kisimani!”

Kutoka upande wa magofu sauti ikaitika: “Naam.”

Haikuwa kubwa. Ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyeamshwa. Watu wakatazamana, kila mmoja akidhani ni mwenzake. Kondo alirudi nyumbani akala wali, na wali haukuwa na ladha.

Mbiu ya pili ilikuwa siku tatu baadaye. Alipotamka “Sultani,” Naam ilitoka kwenye kisima cha msikiti, pale uani. Waliokuwa wanatia udhu walikimbia na mikono inachuruzika. Kondo akaenda kumsihi jumbe amruhusu kumtaja jumbe kama zamani. Jumbe akacheka: “Mji una mwangwi, wewe unaogopa mwangwi?”

Mbiu ya tatu Kondo aliipiga mbele ya baraza ya jumbe mwenyewe. Jumbe alikuwa kwenye kiti chake, anatafuna tambuu, shavu limemjaa. “Sultani Mwekambi...” na Naam ikaja. Ilitoka chini ya kile kilemba. Kinywa cha jumbe kilikuwa kimefumbwa, kinatafuna.

Tangu saa ile jumbe hakuwa yule. Ngozi yake ikawa baridi kama mtungi. Alikaa kitini mchana kutwa bila kupepesa, akaagiza waitwe mawaziri ambao hakuna aliyewajua. Siku moja aliletewa chakula, akakisukuma, akauliza kwa Kiswahili kizito cha kale: “Wareno wamekwisha ondoka?”

Mkewe, Bi Mwanamvua, alimfuata Kondo mpaka kwake.

“Kondo, mume wangu umemchukua.”

“Mimi, bibi?”

“Wewe na pembe yako. Umemwita mtu, amekuja. Kila mbiu anazidi kuingia na wangu anazidi kutoka. Jana nimemshika mkono, nikamwita Mwekambi, akaitika mbali kabisa, kama mtu aliye ndani ya shimo. Ukipiga moja tena, sitamsikia.”

Na siku ileile ikafika habari: liwali anakuja. Amesikia kuna sultani Mtemani, naye anajua sultani ni mmoja. Anakuja na askari na minyororo.

Mtego ukamkaza Kondo pande mbili. Mgeni mkubwa akija, mpiga mbiu hana budi kumtangazia wenye mji. Akimtaja Mwekambi sultani mbele ya liwali, jumbe atafungwa kwa uasi, na kilichobaki cha jumbe kitamalizika. Akimwita jumbe, yule aliyekaa kitini je, atakubali kuondoka bila kuagwa? Aliyeitwa kwa heshima hafukuzwi kama kuku. Kondo aliliwaza hilo mpaka asubuhi, na hata asubuhi hakuwa na hakika.

Liwali Seif bin Hamdun aliingia mji jua likiwa utosini. Alishuka kwenye punda, askari nyuma yake. Akida Ngwangwa alikuwa amesimama na vijana, mikuki imeinamishwa. Jumbe alikaa kitini, na hakusimama.

“Hasimami huyu?” liwali akauliza.

“Hamwinukii liwali,” sauti ikajibu chini ya kilemba. “Sultani hamwinukii mtumwa wa barua.”

Askari wakashika minyororo. Liwali akainua mkono, akamgeukia Kondo. “Mpiga mbiu, nitajie. Mji huu una nani?”

Kondo akaleta pembe mdomoni, akapuliza mara tatu. Kisha akasema, polepole, kama alivyofundishwa na baba yake:

“Sultani wetu ni Seyyid, yuko Unguja, Mungu amweke. Liwali ni Seif bin Hamdun, amekuja kwa barua na muhuri wa Seyyid. Jumbe wa Mtemani ni Mwekambi, mji umemtoa, ada tumeila, kilemba tumemfunga wenyewe. Akida ni Ngwangwa, wa vijana na silaha, chini ya jumbe.”

Kiti kikalia. Yule aliyekikalia alikuwa anainuka, macho yake kwa Kondo, na baridi ikapita barazani watu wakajikunyata juani.

Kondo hakuishusha pembe. Akapuliza tena mara tatu, akaugeukia upande wa magofu.

“Na mji wa kale ulikuwa na sultani wake. Aliketi kwa haki na akafa na usultani wake, hakuna aliyemvua. Ni sisi tuliokukosea, bwana, tumekuita kwenye kiti kidogo. Kiti chako kiko kule. Mungu akurehemu.”

Watu wote, na liwali naye, wakaitikia: “Amin.”

Kisha kutoka magofuni, mbali, ikaja: “Naam.” Safari hii ilikuwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Kilemba kikalegea kikamwangukia Jumbe Mwekambi machoni. Akakohoa, akatema tambuu, akakisogeza kilemba na kusimama haraka mbele ya liwali. “Kondo,” akasema, “umenitajaje?”

“Jumbe.”

“Nitaje tena.”

“Jumbe Mwekambi.”

“Naam!” akaitika, machozi yanamtoka. Bi Mwanamvua alimshika mkono, ulikuwa wa moto.

Liwali akaamuru minyororo ifungashwe. Jumbe atoe ng’ombe na Kondo mbuzi, mji mzima ule, wajue vyeo vyao kwa matumbo kama hawajui kwa vichwa. Pakaliwa mpaka alasiri.

Kinyozi alikuwa amesimama na wembe hewani. Shamte alikuwa ametazama nyuma yake mara mbili.

“Na wewe babu ulijuaje yote hayo?” Siwema akauliza.

“Nisijue vipi? Alinisimulia babu yangu mzaa baba, naye alizaliwa palepale. Alikuwa sultani wa Mtemani huyo!”

Siwema akakunja mikono. “Babu. Mwezi wa Ramadhani ulituambia alikuwa liwali. Siku ya harusi ya Shani akawa akida. Na Bibi Kambaulaya anasema alikuwa mpiga mbiu wa sokoni, akitangaza bei ya dagaa.”

Benchi zima likalipuka.

“Haya, mwite sasa,” Shamte akasema. “Mwite Sultani, tusikie nani ataitika.”

Mzee Kambaulaya akachungulia mlangoni. Barabara ilikuwa tupu, jua liko utosini. Akarudi taratibu, akapapasa mfuko wa kanzu.

“Mpiga mbiu,” akasema. “Alikuwa mpiga mbiu, Mungu amrehemu. Dagaa na pia papa mkavu.” Kisha akamwita muuza kahawa aliyekuwa ng’ambo. “Vikombe saba hapa, na kashata kila mtu mbili. Hapana, huyu binti mpe tatu.”

Alilipa noti juu ya noti, na alipoona wote wanamtazama akamalizia kwa sauti ndogo: “Ukimwita jumbe sultani, atakayeitika si jumbe.”