Kufuli la Mlango wa Mbele

Anyataye kwake hajafika.

Mmeisikia leo methali hii ikitamkwa sokoni, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maana yake. Kaeni basi. Maana yake mtaipata mbele ya safari; kwanza sikilizeni ilikotoka, maana maneno haya yalizaliwa katika nyumba ya kupanga, mjini Morogoro, miaka ambayo simu za mkononi zilikuwa hazijafika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida. Korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani: choo kimoja, bafu moja, bomba moja, na banda la jiko lililoezekwa mabati. Katika chumba cha mwisho upande wa kushoto alipanga Nyamizi, binti wa Urambo, aliyekuja kufanya kazi katika kiwanda cha magunia. Kutwa nzima alikaa mbele ya cherehani kubwa, mashine zikinguruma hadi masikio yakawa mazito. Alipotoka kazini alitamani jambo moja tu: kufunga mlango wake, kuvua kitambaa kichwani, na kukaa.

Jambo hilo hakulipata. Katika chumba kilichotazamana na chake alikaa Mama Chausiku, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Ugomvi wao haukuwa wa kupigana. Laiti wangepigana ungeisha. Ulikuwa ugomvi wa vitu vidogo. Nyamizi alipanga ndoo yake bombani alfajiri, akirudi anaikuta imesukumwa nyuma ya ndoo nyingine. Alipoosha choo kwa zamu yake, Mama Chausiku aliingia nyuma yake na ndoo ya maji akakiosha upya, huku akihema kwa nguvu ili asikike. Nguo zake alizoanika zilisogezwa hadi mwisho wa kamba, zikakunjamana pamoja zikiwa bado mbichi.

Tena Mama Chausiku hakumsema yeye. Alimsema kuku.

"We tetea," angesema, akimwagia kuku pumba karibu na mlango wa jiko, "wenzio wakipika wanazoa majivu. Wewe umezoea kwenu porini, eh? Basi hapa ni mjini."

Kuku aliendelea kudonoa. Nyamizi alikoroga uji wake. Utamjibuje mtu aliyezungumza na kuku?

Basi akajifunza kuishi bila kusikika. Jioni alipokaribia nyumba alipunguza mwendo, akasimama kwenye kona ya ukuta, akasikiliza. Redio ikilia chumba cha Mama Chausiku, mwenyewe yumo ndani. Moshi ukionekana juu ya ukuta, yuko jikoni, na huko jikoni si pa kwenda. Aliziangalia ndala mlangoni kama mtu asomaye barua ya msiba: zile nyekundu za jirani yake zikiwepo, mabega yalimpanda yenyewe hadi shingoni. Funguo alizifunga kwenye leso zisigongane. Viatu alivivua barazani, akavishika mkononi. Hata bawaba za mlango wake alizitia mafuta ya cherehani aliyoyaleta kutoka kiwandani, zisilie. Akapita korido kama kivuli, akaingia, akasukuma komeo taratibu, ndipo akatoa pumzi aliyoibana tangu barabarani.

Siku nyingine hakuingia kabisa. Alipitia kanisani, akakaa benchi la nyuma mpaka mzee wa kanisa aje kufunga madirisha. Aliomba sana. "Bwana, nipe amani katika nyumba ile." Na kweli, kadiri alivyonyata, ndivyo maneno yalivyopungua, kwa kuwa hawakuonana. Aliomba amani, akapata kimya, akadhani ni kitu kimoja.

Akaacha kupika jioni. Akala mihogo ya kuchoma njiani. Akaacha kuwasalimia hata wasio na neno naye. Bi Hidaya, mjane aliyeishi chumba cha mbele kabisa, siku moja alimwambia, "Binti yangu, hata jua likitua hutuaga. Wewe mbona huna za asubuhi wala za jioni?" Nyamizi alitabasamu tu, akapita. Jumapili akiwa amelala kitandani alisikia wenzake wakicheka uani, akahesabu sauti zao, akaona kwamba hata akifa mle ndani vicheko vile havitapungukiwa na kitu.

Sasa ikafika Ijumaa moja. Asubuhi alienda kuepua uji wake, akakuta sufuria imeshushwa chini pembeni na majivu yanaelea juu yake. Mama Chausiku alikuwa ameinjika maharage. Nyamizi alitazama uji, akaumwaga, akaosha sufuria. Moyoni aliapa: hawataisikia sauti yangu tena ndani ya nyumba hii.

Mchana homa ikampata akiwa kazini. Meno yaligongana, uzi ukawa hauingii kwenye sindano. Msimamizi akamruhusu aende. Alitembea akishika kuta. Alipofika aliziona zile ndala nyekundu, na huko uani akasikia pilikapilika: watu wanafunga mikeka, wanafunika sufuria. Ndugu wa mwenye nyumba alikuwa amefariki huko Mikese, na nyumba nzima, kama ilivyo ada, ilikuwa inakwenda kukesha msibani. Nyamizi hakuyajua hayo. Alivua viatu, akapita, akajifungia, akaanguka kitandani na nguo za kazi.

Katika nyumba ile palikuwa na desturi. Siku ya kutoka wote, wa mwisho alisimama koridoni akaita, ndipo akafunga mlango wa mbele kwa kufuli kubwa kutoka nje. Siku ile wa mwisho alikuwa Mama Chausiku.

"Nani yumo?" Sauti ilipita kwenye korido kama upepo. "Nafunga jamani! Kuna mtu?"

Nyamizi alifungua macho. Ulimi ulikuwa mzito, lakini neno moja lingetoka. Nimo. Neno lenyewe lilifika hadi kwenye meno. Akaukumbuka uji wenye majivu. Akafumba mdomo.

"Haya! Msije mkasema sikuita!"

Kufuli likalia. Nyayo zikaenda. Kukawa kimya, kile alichokiomba siku zote, kimejaa nyumba nzima mpaka kwenye mapaa.

Usiku ule mvua ilipiga mabati. Homa ilimpandisha na kumshusha. Mtungi wake ulikuwa mtupu, na kutoka kitandani hadi bombani palikuwa mbali kama Urambo. Alijaribu kuita, sauti yake haikuishinda mvua. Na hata mvua ilipokatika, nani angemsikia? Dirisha lake lilitazama ukuta wa ghala, na majirani nao walikuwa Mikese. Alilia, si kwa ajili ya homa. Alilia kwa sababu aliulizwa kama yumo, akajibu kwa kinywa kilichofumbwa kwamba hayumo.

"Bwana," alisema gizani, "nilikuomba vibaya."

Kulipopambazuka alijishusha sakafuni. Akatambaa, akifika hapa anapumzika, akifika pale anaegemeza kichwa ukutani, mpaka akaufikia mlango wa mbele. Hapo akakaa akiugonga kwa kisigino cha mkono.

Wapangaji walirudi jua likiwa limepanda. Mama Chausiku alikuwa mbele, mkeka begani. Alipotia ufunguo akasikia kitu, akaruka nyuma.

"Bi Hidaya! Kuna mtu ndani!"

"Mtu gani, na kufuli hili hapa?"

Wakasikiliza. Kutoka ndani, chini kabisa ya mlango, sauti nyembamba ilikuwa inasema, "Hodi. Hodi jamani. Hodi."

Bi Hidaya alikuwa amezika watoto na kuwaona wengi wakifa, lakini baadaye alisema hajasikia kitu cha kutisha kama hicho: mtu kubisha hodi kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Nyamizi aliangukia miguuni pa Mama Chausiku.

"Wewe! Ulikuwemo?" Mama Chausiku alitupa mkeka, akapiga magoti, akamshika shavu, akaondoa mkono kwa ule moto. "Maji! Chausiku, lete maji! Mbona niliita? Si niliita?"

"Nilisikia," Nyamizi akasema.

"Ulisikia! Mbona hukuitika, mwanamke wewe?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Mama Chausiku alipokea kikombe cha maji. Alimnywesha maji kidogo kidogo, yakimwagikia kwenye kanga yake. Kisha akasema polepole, bila kumtazama mtu.

"Niliona mlango wako hauna kufuli. Nilijua pengine umo. Nikaita, hukujibu, nikasema moyoni, shauri yake." Akapangusa pua kwa upindo wa kanga. "Na wewe unanitisha, ujue. Mume wangu aliponiacha nilikuwa nalia jikoni peke yangu, nageuka, nakuona umesimama nyuma yangu, viatu mkononi. Hukusema pole, hukusema nini. Ukapita. Nikajua unanisikiliza ili ukanicheke. Tangu siku hiyo sikukupenda."

"Sikujua la kusema," Nyamizi akasema. "Nilikuwa naogopa nisikusumbue."

"Basi umenisumbua!"

Bi Hidaya alikuwa amesimama juu yao, ameshika kufuli wazi mkononi. Akatikisa kichwa.

"Mwaka mzima unalala hapa, binti yangu," akasema, "lakini bado uko njiani. Anyataye kwake hajafika. Na nyie mnaomfanya mtu anyate," akamtazama Mama Chausiku, "mnamfungia mlango kabla hamjashika kufuli. Haya, mbebeni twende hospitali."

Wakambeba.

Wanangu, msidhani baada ya hapo nyumba ile iligeuka pepo. Nyamizi alirudi amekonda, na wiki haikupita Mama Chausiku akaisukuma tena ndoo yake bombani. Wapangaji waliinama kwenye ndoo zao wakijifanya hawaoni. Nyamizi alitamani sana kugeuka arudi chumbani. Lakini akasema, kwa sauti kubwa iliyomshtua mwenyewe:

"Mama Chausiku! Ndoo yangu ilikuwa ya pili. Irudishe."

"Na nisiporudisha?"

"Nitairudisha mimi, na tutagombana mpaka maji yakatike, wote tukose."

Mama Chausiku akamwangalia juu mpaka chini, mkono kiunoni. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kufika mtaa wa pili.

"Kumbe una sauti! Miezi yote hii nahangaika na kuku bure!"

Akairudisha ndoo. Wakagombana tena keshoye kwa sababu ya kamba, na juma lililofuata kwa sababu ya redio. Lakini jioni yake walikaa jiko moja, kila mmoja na sufuria yake, wakinung'unika na kupeana chumvi.

Ndiyo maana ukimwona mtu anasimama nje ya mlango wake akisikiliza kama kuna heri, usimwambie amekwisha kufika nyumbani kwa kuwa ana ufunguo mkononi. Mkaribishe. Na kama mwenye kusimama pale ni wewe, ingia, uwasemeshe walio ndani, hata kama neno lako la kwanza ni la ugomvi. Mungu huwapa watu amani kwa kuwafanya wasikilizane.

Anyataye kwake hajafika.