Vita vya Vyunguni na Zizini juu ya Jina la Mungu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na vijiji viwili na kinywa kimoja!

Hapo kale palikuwa na Vyunguni, kijiji cha wafinyanzi, na Zizini, kijiji cha wafugaji chini ya Jumbe Kibwana. Mvua ikagoma. Wakakutana kuomba pamoja, wakakwama kwenye neno la kwanza.

“Ee Mungu Mfinyanzi!” wakalia Vyunguni.

“Mfinyanzi babu yako! Mungu ni Mchungaji!” wakajibu Zizini.

Mikuki ikainuka.

Katikati kasimama Bi Mashavu, mbeya wa kutupwa. Kazaliwa Vyunguni, kaolewa Zizini. Kaka zake huku, wanawe kule. Afe nani, matanga ni yake. Nyie mngetulia? Umbeya ulikuwa umemfunza jambo moja: usiyemjua, sema asivyo, hutaumbuka.

“Enyi wanaume! Mfinyanzi bila udongo hafinyangi. Mungu huomba udongo kwa jirani?”

“La!”

“Basi si mfinyanzi kama hawa. Mchungaji husinzia, fisi akala ndama. Mungu husinzia?”

“La!”

“Basi si mchungaji kama hao.”

Mikuki ikashuka. Lakini binadamu, wanangu! Wakaanza kushindana kukanusha.

“Mungu si boga!”

“Si boga, wala mbegu zake!”

“Si mkia wa mbuzi!”

“Si mkwe wa Jumbe Kibwana!”

Jua likawa utosini, hawajamaliza hata vya jikoni.

“Sisi tumekanusha zaidi!”

“Nyie? Nyie mmerudia boga!”

Mikuki juu tena. Bi Mashavu akapiga kigelegele, wakashtuka.

“Hata jiwe si boga. Jiwe ni Mungu?”

“La.”

“Jiwe halioni kwa upungufu. Mungu haoni kwa jicho kwa kuwa jicho halimtoshi. Hampunguzwi! Mnamvua majina yanayombana, kama kanzu ya mtoto. Mkimaliza ya chini, jiwe na upepo, pandeni: si mwema kama wema wetu, si mkubwa kama ukubwa wetu.”

“Basi hayupo!” akapayuka Jumbe Kibwana, mkuu wa Zizini.

“Nani kasema? ‘Yupo’ yetu ni ya vyungu na ng’ombe, fupi kwake. Na ‘hayupo’ ni fupi zaidi.”

“Tumebaki na ‘si’ tu?”

“Hata hiyo ‘si’ iacheni, Jumbe. Nayo ni neno lenu. Mtaifuga mpaka muisujudie.”

Wakatafuta la kusema. Hakuna. Kimya kikatanda, na kimya hakipiganiwi.

Mara: nguruuum!

Wote kifudifudi! Ngurumo? Sauti ya Mungu? Wakainua vichwa polepole. Jumbe Kibwana kashika tumbo. Tangu jana hajatia kitu.

Wafinyanzi wakamtazama. Wafugaji wakamtazama. Kwa mara ya kwanza vijiji vyote vikasema neno moja:

“Siye!”

Wakacheka mpaka mikuki ikawadondoka. Zizini wakaleta maziwa, Vyunguni vyungu, Jumbe akalishwa kwanza ili anyamaze.

Mvua? Ilinyesha. Kwa dua ya nani? Aliulizwa Bi Mashavu, akafunga mdomo. Yeye, mbeya yule!

Ngano yangu imefika kizingitini. Tamu, ingieni nayo. Chungu, iacheni nje ilowe.