Kadi ya Picha ya Shomvi

Shomvi, muuza vipuri vya kompyuta za mitumba, aliandika juu ya mlango wa duka lake: KIKITOKA HAKIRUDI. Tunu, mwanafunzi wa chuo, alishauziwa pawasaplai mbovu, kifaa cha kuipa kompyuta umeme, hapo, na badala ya pole akaonyeshwa maandishi hayo.

Safari hii alikuja na skrini na kompyuta aliyoiunga kwa vipande vya jalalani. Ilikosa kadi ya picha tu, maana prosesa yake haikuweza kutoa picha kwenye skrini bila kadi hiyo.

"Kadi hii nzima kabisa!" Shomvi aliapa, akataja bei ya mbuzi.

"Tuijaribu, bosi."

Tunu aliichomeka kadi, akaunga waya wa skrini, akawasha. Feni zilizunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Wateja wakaangua kicheko.

"Nipe hela ya soda uniondolee takataka hii!" Shomvi alifoka.

Tunu alilipa, akatoka na kompyuta yake, akaomba umeme kwa fundi cherehani wa jirani. Waya wa skrini aliutoa kwenye tundu la ubao mkuu wa kompyuta, lisilotoa picha, alikouchomeka makusudi, akauhamishia kwenye tundu la kadi. Skrini ikawaka.

Shomvi akatoka mbio. "Rudisha kadi yangu!"

Tunu akanyoosha kidole juu ya mlango.