Fisi Alivyompa Bwana Simba Mkono wa Idi

Kaeni vizuri, na anayekohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Basi ulikuja ukame, ukame gani sijui, hata vyura wakawa wanatembea na miguu mikavu. Visima vyote vikafa, kikabaki kimoja. Mzee Nyati aliyekisimamia miaka yote akachoka, akaenda zake kupumzika. Akaletwa msimamizi mpya kutoka ng'ambo ya mlima, Bwana Simba. Simba yule akitembea utadhani ardhi ameinunua. Hachekicheki, hasemi sana, na asipopenda jambo hakwambii. Anakutazama tu, unajijua.

Pale kisimani waliokuwa wakivuta kamba ni wawili, Sungura na Fisi. Ujira wao ni ndoo mbili za maji kila siku. Siku tatu kabla ya Idi, Simba akawaita.

"Maji yamekwenda chini. Baada ya Idi nabaki na mmoja."

Hakusema yupi. Akaondoka zake.

Sungura akarudi kwake mbio. Ana watoto tisa, na bila zile ndoo mbili hawafiki mwezi. Akamwambia mkewe, Mwanakombo, "Idi hii ndiyo ya kwanza kwa bwana mpya. Nisipokwenda, atasema nina kiburi. Nikizidisha, atasema nimekuja kujipendekeza kwa sababu ya ile kazi."

"Nenda kama unavyokwenda kwa mjomba wako," Mwanakombo akasema. "Unamheshimu, lakini humwogopi."

Wakakaa wakapanga. Saa ya kwenda: si alfajiri, mtu hajaoga, na si jioni, utaonekana umemkumbuka mwisho. Aende saa tatu, bwana amesharudi kutoka kuswali, keshakunywa chai. Kabla yake aanze kwa wakubwa wa nyumbani, maana anayempita mama mkwe akamkimbilia bosi, huyo anajulikana anatafuta nini. Cha kubeba: vileja. Havitaki maji, ni unga wa mchele, samli, sukari na iliki.

"Vingapi?" Mwanakombo akauliza.

"Saba."

"Simba na mkewe watatosheka na saba?"

"Ukipeleka thelathini umepeleka ombi. Saba ni salamu."

Na neno la kazi lisitajwe hata kidogo. Anaingia, anatoa mkono, anawaombea heri, anatoka.

Siku ya Idi ikafika. Sungura kavaa kanzu yake, masikio kayapaka mafuta, sahani ya vileja kaifunika kawa. Akapita kwa mama mkwe. Mlango ni mdogo, akaiweka sahani kibarazani, akaingia kumpa mkono bibi wa watu. Alipotoka, kawa hakuna, sahani hakuna. Mavumbini kuna nyayo pana zinakwenda kwa Simba, na kando ya nyayo chembe za kileja, chembe, chembe.

"Fisi huyo," Sungura akasema, akakaa chini kidogo.

Arudi nyumbani? Siku ikipita ndiyo imepita. Salamu ya Idi haingoji wiki ijayo. Akajikung'uta kanzu, akaenda mikono mitupu.

Fisi naye, wallahi nia yake ilikuwa atoe vileja vyote saba aseme ni vyake. Lakini alionja kimoja ajue kama vinafaa. Cha pili akaonja ajue kama vinafanana na cha kwanza. Alipofika mlangoni kwa Simba akafunua kawa, akaona sahani tupu inamwangalia, na pa kuitupa hapana. Hakubisha hodi mara tatu akangoja kama watu. Alipiga hodi moja, karibu akajijibu mwenyewe, akaingia.

Simba alikuwa mkekani anakula pilau, mkono umelowa samli mpaka kwenye kifundo. Bi Simba yuko kando na birika.

"Bwana wangu, jua langu, mwavuli wangu," Fisi akaanza. "Tangu nizaliwe sijaona bwana kama wewe. Nimelala nikikuota, nimeamka nikikuota."

"Hiyo sahani?" Simba akauliza.

Bi Simba akainua kawa. Tupu.

Fisi akadakia. "Hiyo si yangu, bwana. Katuma Sungura. Nikamwambia, ndugu yangu, sahani tupu siku ya Idi ni matusi. Akanijibu, mpelekee hivyohivyo, ajijue."

Simba akaacha kutafuna.

Ndipo nje ikasikika, "Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi jamani."

"Pita," Bi Simba akajibu.

Sungura akavua viatu, akaingia, akainama. "Shikamoo, Bwana Simba."

Simba hakuitikia. Shikamoo ile ikabaki inaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Sungura akaiona sahani ya mkewe iko tupu mbele ya bwana, akamwona Fisi anatazama dari, akaelewa yote. Akikana, ni ugomvi ndani ya nyumba ya mtu siku ya Idi. Akinyamaza, watoto tisa.

Akautazama mkono wa Simba, unang'aa samli. Akamtazama Fisi.

"Idi njema, Bwana. Idi njema, Bi Mkubwa, na watoto wakue salama," akasema polepole. "Mimi sikai, nilikuja kuwapa mkono tu. Lakini mwenzangu ndiye aliyetangulia. Fisi, umeshambusu bwana mkono?"

"Bado," Fisi akasema, na ulimi ukamtoka bila kuitwa.

"Basi anza wewe."

Simba, kwa kiburi chake, akaunyoosha mkono kama mfalme. Fisi akainama, akabusu. Akabusu tena. Busu la tatu likawa refu, la nne likawa na ulimi. Akaramba kiganja, akaramba kifundo, akapanda mpaka kwenye kiwiko, macho kayafumba, mkia unapiga mkeka pwa, pwa, pwa.

"Fisi," Simba akasema.

"Heshima, bwana," Fisi akajibu, mdomo umejaa mkono.

"Heshima inakwenda begani?"

Fisi akataka kuzungumza, akapaliwa. Akakohoa kikohozi cha nguvu, kiganja cha Simba kikajaa chembe nyeupe. Simba akakinusa. Akanusa tena.

"Bi Simba, pilau yetu ina sukari?"

"Haina."

"Hii ni sukari. Na unga wa mchele, na iliki ya kileja."

Bi Simba akaja na birika lake. "Fisi, hebu achama." Fisi akaachama. Katikati ya magego imekwama nusu ya kileja cha saba, kizuri, bado kina umbo lake. Fisi aibu ikimshika hucheka, basi akacheka. Akacheka akirudi kinyumenyume, akaukosa mlango, akagonga ukuta, akaupata mlango, akaenda zake akicheka mpaka sauti ikapotelea porini.

Simba akafuta mkono wake, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akamgeukia Sungura.

"Marahaba," akasema.

Sungura akampa mkono, mara moja, akauachia. "Bwana, naondoka. Kuna wakubwa wengine sijawapitia."

"Huna neno la kuniambia? Kuhusu kisima?"

"Lipo, Bwana. Lakini leo ni Idi."

Bi Simba akaichukua sahani, akajaza pilau, akaifunika kawa, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu, akampa Sungura aende nayo.

Idi ikapita. Sungura alipofika kisimani asubuhi, akakuta kamba imeviringwa vizuri, imewekwa upande wake, ndiyo kusema kazi ni yake.

Na Fisi mpaka leo anatusalimu kwa mbali, kichakani, kwa kicheko. Hakuna anayemkaribisha karibu ampe mkono. Kwa hiyo nanyi mkimwendea mkubwa mpya, mbusuni mkono mara moja, muuache kwa mwenyewe. Haya, hadithi nimeimaliza. Anayeona tamu aniletee chai.