Farasi Jike wa Kinuni na Baghala wa Sultani

Hapo zamani, katika mwaka wa saba wa enzi ya Sultani Mardani wa Kundurani, siku ya Jumatatu, mwezi nane Rajabu, ilifika habari ya kuwa ngome yake ya ng'ambo ya mlima imezingirwa na adui, na ndugu yake aliyemo humo yu karibu kufa njaa.

Basi Sultani akakusanya wanyama wake wa vita. Ndovu waliweza kuvuta mizinga, lakini njia ya mlimani ilikuwa nyembamba, wala hapakuwa na malisho ya kuwatosha. Ngamia, wasio na mfano jangwani, nyayo zao laini ziliteleza juu ya mawe yenye umande. Farasi walifunzwa kushambulia uwandani, si kubeba magunia. Ikawa hakuna wa kutegemewa ila baghala, wana wa punda dume na farasi jike, wenye kwato ngumu na hatua ya hadhari.

Baghala hao waliongozwa na farasi jike mkongwe mwenye kengele shingoni, kwa maana baghala humpenda farasi jike kama mama yao, na huifuata kengele yake hata gizani. Mtunzaji wake alikuwa Feruzi Makombo, fukara wa kanzu moja. Sultani alipomwona mnyama yule, mgongo umebonyea na mdomo umelegea, aliona haya, akaamuru apelekwe kuzungusha kinu cha mafuta.

Baghala wakapakiwa shogi mgongoni, magunia ya mtama na baruti, wasiinue mguu. Wakavutwa, wakapigwa, mmoja akampiga teke mpiga tarumbeta. Sultani akadhani Feruzi amewafunza uasi.

"Ewe Makombo, kabla ya adhuhuri baghala hawa watanifuata mimi, bila fimbo wala kamba. Wasiponifuata, shingo yako haitaiona kesho, mwezi tisa."

"Nimesikia, bwana wangu. Ila kipando chako nikichague mimi."

Sultani akakubali, na Feruzi akarudi kutoka kinuni akimwongoza yule mkongwe, kengele shingoni, mafuta yangali yakimtiririka mkiani. Sultani akamtazama mnyama, akautazama mlima, akamkumbuka ndugu yake, akapanda. Kengele ikalia. Baghala wote wakasimamisha masikio, wakajipanga mstari nyuma yake.

"Waona, Makombo? Wamjua bwana wao."

"Wamjua sana, bwana wangu."

Juu ya mlima Sultani akashuka kunywa maji. Mkongwe akanusa majani mabichi ya ng'ambo, nyuma ya ngome, akaenda zake; baghala wakampita Sultani mmoja mmoja, na gunia la mtama likamsukuma topeni. Akawaita kwa jina lake na la babake na la babu yake, asigeuke hata mmoja.

Chakula na baruti vikaingia ngomeni kwa mlango wa nyuma, ambao adui hakuulinda, naye alipoisikia mizinga ya ngome ikinguruma tena, akavunja kambi. Sultani akafika wa mwisho, kwa miguu, matope hadi kilembani.

"Makombo, ulijua ya kuwa wataniacha."

"Uliniamuru wakufuate, bwana wangu. Hukuniamuru wakutii."

Ndugu yake Sultani akashindwa kujizuia, akacheka; Sultani naye akacheka hata kilemba kikaanguka. Akamvika Feruzi joho lake, lenye matope vilevile, akamfanya mkuu wa wanyama wote wa jeshi.

Na siku ya kurudi, mwezi ishirini na mbili Rajabu, Sultani mwenyewe alimfunga mkongwe kengele, akasubiri baghala wote watangulie, kisha akashika nafasi yake nyuma yao.