Furushi Lililopita Chini ya Pazia

Sogeeni mbele, hapa hakuna anayeuma. Wazee wangu mlioegemea nguzo, shikamooni. Najua mnanong'ona: huyu si ndiye aliyeikimbia shule, leo atatufundisha nini? Nitawafundisha. Wenye vyeti wamehubiri mwaka mzima na nyinyi mmesinzia mwaka mzima. Hapa kwangu hasinzii mtu.

Palikuwa na mwanamke aliyefiwa na mumewe. Msiniulize mtaa gani, maana mkiujua mtakwenda kuchungulia. Amekaa eda, miezi minne na siku kumi, chumbani kwake, pazia limeshuka mlangoni. Ana binti mmoja tu, amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Ada yake marehemu aliiacha taslimu, imefungwa kwenye soksi. Juu ya hiyo mjane ana dhahabu ya mahari yake: bangili nne, mkufu na hereni. Hiyo ndiyo dunia yake yote. Soksi moja, dhahabu, na mtoto.

Siku ya tatu ya msiba akaja mwanamke mgeni, amejitanda kanga vizuri, analia kuliko wafiwa. Nani alimuuliza katokea wapi? Hakuna. Msibani nani anamuuliza mtu kitambulisho? Akashika masufuria, akaosha vyombo, akapepeta mchele. Na huku anapepeta, anasikiliza. Nyinyi mnajijua mdomo wenu kwenye msiba! Marehemu alianza kuumwa mguu wa kushoto, yule shemeji hakuja hata kuzika, binti kapata chuo, ada ipo, mke alipewa dhahabu ya maana siku ya ndoa. Yote yalisemwa kwa sauti, kati ya mnofu na mnofu. Mgeni akabeba.

Wageni walipotawanyika, yeye akabaki anakuja kila siku kumpa mjane pole. Wiki ya pili akasema, "Dada, mimi nilikuwa kama wewe. Kuna shekhe alinitibu. Hataki pesa."

Shekhe! Kila mwenye kanzu na udi siku hizi ni shekhe.

Akaja saa nne asubuhi, saa ambayo binti yupo dukani anakofanya kibarua. Na aliheshimu eda, usicheze naye! Hakuingia chumbani. Alikaa sebuleni kwenye mkeka, mjane ndani, pazia katikati. Akafukiza ubani, kisha akasema:

"Ugonjwa wa mumeo ulianzia mguu wa kushoto."

Mjane akashika ukuta.

"Na kuna ndugu hakuja kuzika. Bibi, mumeo hakufa kwa siku zake. Leteni yai la humu humu ndani."

Yule mgeni akaenda jikoni, akaleta yai. Likapasuliwa kwenye sahani nyeupe, sahani ikasukumwa chini ya pazia. Ndani ya ute mna sindano mbili, uzi mweusi na nywele. Sasa wewe unayetoa macho hapo, ngoja nikufungue kichwa. Yai la jikoni liliishia kwenye kanga ya mgeni. Lililopasuliwa lilitengenezwa jana yake: limetobolewa, limepunguzwa ute, limeingizwa takataka, tundu likazibwa kwa nta ya mshumaa. Kazi ya robo saa. Lakini mjane ataonaje? Kati ya jikoni na macho yake pana pazia.

"Waliommaliza baba," akasema yule mtu, taratibu, "sasa wamemgeukia mtoto."

Hapo, ndugu zangu, ndipo alipomshika. Hakumshika kwa tamaa. Mngesema ni tamaa mngelala usingizi mzuri leo. Alimshika kwa mtoto.

Najua kuna mmoja hapo nyuma anasema, mimi ningemshtukia. Wewe? Wewe uliyenunua kiwanja kwa kuangalia picha kwenye simu, ukaenda ukakuta ni bwawa? Kaa kimya, nisikilize.

Mjane aliuliza bei. Yule mtu akakasirika kabisa. "Nimekuomba pesa mimi?" Akamwambia afunge elfu hamsini tu kwenye leso, aipitishe chini ya pazia isomewe, aiweke siku tatu. Siku ya tatu mjane akafungua, akakuta elfu sitini. Elfu kumi imeongezeka! Mvuvi hatupi ndoana tupu. Ile elfu kumi ilikuwa chambo.

Wiki iliyofuata akaja na neno lenyewe. "Mali ya marehemu imeguswa na husda. Ada hiyo ukimpa mtoto hivyo ilivyo, unampa kifo mkononi. Isomewe yote. Na dhahabu, maana imelala kwenye mwili wako miaka yote."

"Yote, shekhe?"

"Ukibakiza bangili moja umebakiza mlango mmoja wazi. Na usimwambie mtu. Siri ikitoka, dawa inamgeukia huyo huyo mtoto."

Akampa kipande cha bafta nyeupe, kama sanda aliyovikwa mumewe. Mjane akafunga mwenyewe, mafundo saba kwa mkono wake. Furushi likapita chini ya pazia. Akalisomea, akalipima uzito kiganjani, akalirudisha lile lile. Usiku ule mjane alilifungua akahesabu: vyote vipo. Akafunga tena mafundo saba. Je, ungeendelea kumshuku? Kesho yake akaja tena kukamilisha. Furushi likapita chini ya pazia mara ya pili. Sauti ile ile, ubani ule ule. Likarudi furushi: bafta ile, mafundo saba, uzito ule.

Ila halikuwa lile.

Jana alikuwa anapima tu. Usiku ule, wakati mjane anahesabu, wenzake walikuwa wanafunga furushi pacha. Akamwamuru aliweke sandukuni, afunge, ufunguo akae nao yeye mwenyewe shingoni. Nani atasema ameibiwa na ufunguo anao shingoni? "Siku ishirini na moja. Ukifungua kabla, usije ukanililia mimi. Utamlilia mwanao."

Siku ya kumi na mbili binti akaja akaketi karibu na mama yake.

"Mama, kesho ndiyo mwisho wa kulipa chuo."

"Subiri kidogo, mwanangu."

"Nisubiri nini? Hela si ipo sandukuni?"

"Ipo."

"Basi fungua, mama."

Mama akaushika ufunguo, asifungue. Angemwambiaje? Akisema sababu, siri imetoka, mtoto anakufa. Asiposema, mtoto anadhani ananyimwa. Kwa hiyo akanyamaza, na binti akamwangalia mpaka akachoka kumwangalia.

"Kumbe baba alikuwa na hela ya kunisomesha, wewe huna moyo wa kuitoa."

Nafasi ikapewa mwingine. Toka siku ile binti akawa anampakulia mama chakula, anakiweka chini ya pazia, anaondoka bila neno. Siku tisa. Na mama ndani anakula kile chakula akimshukuru Mungu kwamba mwanawe anatembea, yu hai. Mnaona unyama wa yule mtu? Kila siku aliyoamka mzima mtoto, mama alihesabu ni dawa inafanya kazi.

Siku ya ishirini na moja akafungua. Vipande vya magazeti vimekatwa kwa ukubwa wa noti. Nati za baiskeli na vizibo vya soda. Hakupiga kelele. Alizipanga zile nati kwenye mkeka, moja moja, kama mtu anayetafuta ipi ni bangili. Simu ya yule mgeni haipatikani.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa makamo, akaingia kumjulia hali, akayaona yale magazeti. Akakaa chini. Hakuuliza ni nini. Hilo ndilo lililomshangaza mjane: hakuuliza.

"Shoga, mbona huulizi?"

Jirani akafunika uso kwa upande wa kanga. "Kwangu ilikuwa misumari."

"Nini?"

"Mwaka juzi. Yai, leso, bafta, yote. Aliondoka na mkufu wa mama yangu. Mume wangu mpaka leo anajua niliupoteza harusini."

 Mjane akauliza swali moja, na mimi toka nilisikie silali vizuri.

"Ulimwona alipokuwa anaingia kwangu?"

"Nilimwona."

"Mara ngapi?"

"Kila mara. Nilikuwa nafunga dirisha. Ningekuja kukuambia ningesema nimemjuaje, shoga? Niliona aibu."

Basi. Nimemaliza. Na huyo binti hajaenda chuo mpaka leo.

Mlitaka mwisho mzuri? Mlitaka mwizi akamatwe, apigwe, bangili zirudi, muende nyumbani mkale wali? Sina. Mwizi huyo yupo, na asubuhi ya leo amekaa kwenye mkeka wa mtu mwingine.

Sasa niambieni, nani alimnyang'anya yule mjane? Mganga? Mganga alichukua dhahabu. Lakini mlinzi wake alikuwa nani? Mbona hana bunduki, hana genge, anapita mchana kweupe mtaa huo huo mwaka wa tatu? Tunamlinda sisi. Yeye anaondoka na furushi, sisi tunabaki tunamfungia dirisha. Tunajua jinsi alivyotufanya, na kuliko mtu atucheke, tunaacha jirani aliwe. Mtume wetu alitufundisha dini ni kupeana nasaha. Nasaha gani hiyo tunayompa mtu baada ya kukuta vizibo?

Na nyinyi mnaocheka waliotapeliwa, mnaowatania kijiweni, mnaowaimbia: nyinyi ndio mnaoshona mdomo wa jirani. Kila kicheko chako ni mwaka mmoja zaidi wa kazi kwa mwizi. Mimi ndiye bingwa wa kucheka, mnanijua, kwa hiyo hili najisemea kwanza.

Humu ndani tupo watu mia na kitu. Msinidanganye kwamba hakuna mtu aliyewahi kufunga leso. Hatutatoka leo mpaka tusikie. Nani alikuja, anafananaje, anatumia jina gani, anapita na mwanamke wa namna gani. Akina mama semeni, hakuna atakayecheka, atakayecheka nitamtoa mimi mwenyewe kwa shingo.

Mnaangalia chini. Sawa. Naanza mimi, mjanja wa mjini. Miaka miwili iliyopita mtu aliniuzia pete ya bahati, akaomba na simu aisomee, asirudi, na ile simu nilikuwa bado sijamaliza kuilipia. Nyumbani nilisema nimeporwa na watu watatu, nikapigana nao. Wadogo zangu mpaka leo wananisifia. Hakukuwa na watu watatu. Alikuwa mmoja, mzee, ana kikohozi, na nilimpa simu kwa mikono yangu miwili na kumwambia ahsante.

Huyo mzee ana kovu chini ya sikio la kulia. Anayemjua asimame.